Nijuaje kama riba ya mkopo wangu imehesabiwa kwa mwaka wa siku 360 au 365? Njia ipi ya kuaminika?

Nahodha_Mokowe
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimechukua mkopo wa 1,200,000 kwa ajili ya mashini mbili za boti la abiria, Mokowe hadi Amu. Riba ni asilimia 16 kwa mwaka, na miezi sita ya mwanzo nalipa riba tupu, deni lenyewe haliguswi. Pesa ziliingia tarehe 12 Desemba 2024. Ami yangu anasema kuna benki zinazogawanya riba ya mwaka kwa 360 badala ya 365, na hapo mteja huumia. Yeye aniambia nisome mkataba. Shemeji yangu aniambia nimuulize afisa wa mikopo. Mimi nimejaribu kupiga hesabu kwa stetimenti: riba ya Desemba ni 10,666.67 kwa siku 19, nikigawanya napata 342. Si 360 wala 365. Nishike njia ipi?

KijanaWaShela
Usijisumbue kaka. Mikopo ya shilingi ni 365, ya dola ni 360. Ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa karani wa benki.

Mama_Samaki_Malindi
Kwani 360 si nafuu? Siku tano hulipi riba. Mimi ningeshukuru.

Mhasibu_Mstaafu
Bi Mama, siku tano hazisamehewi. Riba ya mwaka inakatwa vipande 360, kwa hivyo kila kipande kinakuwa kinene kidogo, kisha unalipa vipande 365. Kwa deni la Nahodha riba ya mwaka kamili ni 192,000. Ikikatwa kwa 360, mwaka ukiisha atakuwa amelipa 194,666.67. Ni kama kusema asilimia 16.22 badala ya 16.

KijanaWaShela, uliyosema ni desturi, na mara nyingi ndiyo ilivyo. Lakini desturi haimfungi mtu, mkataba ndio unaofunga.

Sasa Nahodha, njia zako tatu hazijibu swali moja. Mkataba unakwambia benki *inatakiwa* ifanye nini. Afisa atakwambia anachodhani mtambo wao unafanya, na wengi hawajawahi kuufungua upande huo. Stetimenti peke yake ndiyo inayoonyesha kilichotendeka. Kwa hiyo mimi huanza na stetimenti, kisha nafungua mkataba nikiwa na jibu mkononi.

Nipe riba ya Januari na ya Februari. Desemba iache kwanza.

Nahodha_Mokowe
Shukran mzee. Januari 16,533.33, Februari 14,933.33. Zote zimeandikwa siku ya mwisho ya mwezi.

Mhasibu_Mstaafu
Vizuri sana. Chukua deni, zidisha kwa riba ya mwaka, zidisha kwa siku za kipindi, kisha gawanya kwa riba uliyotozwa. Kinachobaki ni ule mwaka walioutumia. Kwenye Ekseli andika hivi:

```
=1200000*0.16*31/16533.33
=1200000*0.16*28/14933.33
```

Zote mbili zinatoa 360. Ingekuwa 365, Januari ungetozwa 16,306.85, yaani pungufu ya shilingi 226 na senti.

Nilitaka miezi miwili kwa sababu kuna mtindo wa tatu, ambapo kila mwezi huhesabiwa kuwa na siku 30. Hapo Januari na Februari zingekuwa sawasawa, 16,000 kila mmoja. Zako zimepishana, kwa hiyo wanahesabu siku halisi na kugawanya kwa 360. Usipimie mwezi wa siku 30 kama Aprili, maana hapo mitindo hiyo miwili hutoa jibu moja na hutaitenganisha.

Desemba yako haina uchawi. Wewe umehesabu kutoka tarehe 12 hadi 31 ukapata 19. Wao wamehesabu na tarehe 12 yenyewe, ikawa 20. Weka 20 utapata 360. Ukiona jibu la ajabu, kwanza shuku siku moja ya mwanzo au ya mwisho, na kipindi kifupi ndicho kinachokuza kosa hilo.

Mama_Samaki_Malindi
Mimi nimejaribu kwa mkopo wa sako yetu hapa Malindi. Salio 80,000, riba asilimia 1 kwa mwezi, Januari nilitozwa 800. Nikapata 372! Wananiibia au wananipunguzia?

Mhasibu_Mstaafu
Hapana bibie. Ukipata 372 mwezi wa siku 31, na 336 Februari ya siku 28, ujue siku hazihesabiwi kabisa. Sako yako inatoza kwa mwezi, uwe mfupi uwe mrefu. Asilimia 1 ya 80,000 ni 800, basi. Swali la 360 na 365 halikuhusu wewe.

Mwana_wa_Hoteli
Sisi Watamu mkopo wetu ni wa dola na mkataba umetaja 360 waziwazi, ukurasa wa ufafanuzi wa maneno. Asilimia 9 inakuwa 9.125. Tulijua tangu siku ya kutia sahihi, hatuna la kulalamika.

KijanaWaShela
Mzee, hiyo kanuni itamfaa akianza kupunguza deni? Na riba yenyewe hubadilika. Benki Kuu ilishusha kiwango chake mara kadhaa tangu Agosti 2024, na mabenki mengine yakafuata.

Mhasibu_Mstaafu
Umeuliza la maana. Kanuni inafaa pale tu ambapo salio na riba havikubadilika ndani ya kipindi. Akilipa tarehe 5, siku za kabla zihesabiwe kwa salio la zamani na za baada kwa salio jipya, kisha zijumlishwe ndipo agawanye. Aangalie tarehe benki iliyoyapokea malipo, siyo tarehe aliyotuma. Pesa ya Jumamosi huweza kuandikwa Jumatatu, na siku mbili zinatosha kuharibu jibu. Riba ikibadilishwa katikati ya mwezi, aukate mwezi pale pale. Faini ya kuchelewa aitoe kabisa. Ndiyo maana namwambia apige hesabu sasa hivi, miezi ya riba tupu haijaisha.

Nahodha_Mokowe
Nimeusoma mkataba wote jana usiku. Umeandika "riba itahesabiwa kila siku kwa salio la deni". Hakuna 360, hakuna 365.

KijanaWaShela
Basi wadai warudishe tofauti yote!

Mhasibu_Mstaafu
Taratibu. Kuna mikataba inayotaja kijitabu cha masharti ya jumla, na kigawanyo hufichwa humo. Nahodha, omba kijitabu hicho kwa maandishi, na katika barua hiyohiyo uliza: "Kwa mkopo huu mwaka unahesabiwa kuwa na siku ngapi?" Ambatanisha hesabu ya Januari na Februari. Usiulize kwa simu. Ikiwa kijitabu nacho kiko kimya, una hoja. Kama itakubaliwa, hilo siwezi kukuahidi.

Mwana_wa_Hoteli
Mimi nina swali: mwaka mrefu kama 2024, wanaotumia 365 hugawanya kwa 366?

Mhasibu_Mstaafu
Wengine ndiyo, wengine hubaki na 365 na kutoza siku 366. Pima Februari 2024 kwa siku 29, utaona wako wako upande gani.

Nahodha_Mokowe
Barua naipeleka Jumatatu tawini, na nakala nitaigongesha muhuri. Wakijibu nitaweka hapa.