Mtoto ana aleji ya maziwa ya ng'ombe: nichukue soya, oti, lozi au mchele?

Mama Nuru
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, kilo 12. Hospitali wamethibitisha ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, tuyaache kabisa pamoja na mtindi na siagi. Alikuwa anakunywa vikombe viwili kwa siku, jumla mililita 400. Supamaketi nimekuta boksi za soya, oti, lozi na mchele, zote zinaitwa maziwa na bei zinapishana sana. Ipi inaziba pengo la protini na kalsiamu? Na nikitengeneza mwenyewe nyumbani nitakosa nini? Mayai na samaki anakula bila shida.

Chui Milia
Dada usihangaike, zote ni mamoja. Geuza boksi la lozi uone, kalsiamu miligramu 120 kwa kila mililita 100, sawa kabisa na ng'ombe. Chukua ya bei nafuu. Au mpe ya mbuzi, hayo hayana aleji.

Lishe Kwanza
Mama Nuru, la mbuzi tulitoe mezani kwanza. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye aleji hii hudhurika na yote mawili. Usimjaribishie.

Chui Milia yuko sahihi kwenye kalsiamu ya boksi lile, ila amesoma mstari mmoja akaruka wa protini. Chukua zile mililita 400 zako. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa yanampa protini kama gramu 13 na kalsiamu kama miligramu 480. Ukiweka soya, protini inabaki gramu 12 au 13. Oti nyingi zitampa 2 hadi 4. Lozi ni kama 2, kwa sababu lozi zenyewe ndani ya boksi mara nyingi ni gramu 2 au 3 tu kwa kila mililita 100, kinachobaki ni maji. Mchele haufiki hata gramu 2.

Mtoto wa umri wake anahitaji protini gramu 13 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo vile vikombe viwili peke yake vilikuwa vinakaribia kumaliza hesabu, na ukiweka lozi au mchele pale pale, mzigo wote unahamia kwenye sahani. Kwa anayekula yai na samaki kila siku hilo linabebeka. Kwa anayeshindia uji mwepesi ni hatari: kuna watoto waliopata kwashakoo kwa kulelewa na kinywaji cha mchele kama maziwa yao makuu. Mchele una tatizo jingine pia, sumu ya aseniki. Uingereza wanashauri chini ya miaka 5 wasipewe kabisa kinywaji cha mchele badala ya maziwa.

Kalsiamu ni habari tofauti. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vinne chenye kalsiamu ya kutosha kwa asili yake. Ile 120 imewekwa kiwandani. Soma viungo utafute kalsiamu kaboneti au fosfeti ya kalsiamu. Usipoiona, na kwenye jedwali hakuna mstari wa kalsiamu, basi haimo. Boksi nyingi za kilimo hai kutoka Ulaya ziko hivyo, maana sheria zao haziruhusu kuongeza kalsiamu. Ni ghali na zina sifa nzuri, lakini kwa shida yako hazifai.

Kibajaji
Na mimi nikinywa maziwa tumbo linajaa gesi. Kwa hiyo niache na mtindi?

Lishe Kwanza
Kibajaji, yako inaelekea kuwa sukari ya maziwa, laktosi, siyo aleji. Mtindi wengi wenye hali hiyo wanauvumilia, jaribu kidogo kidogo. Kwa mtoto wa Mama Nuru mtindi ni marufuku.

Mama Nuru
Asante sana. Soya ya boksi yenye kalsiamu bei yake inanikaba. Ya kutengeneza nyumbani je?

Jiko la Soya
Inafaa, ukishika vipimo. Soya kavu gramu 125, ambazo ni theluthi mbili ya kikombe cha mililita 250, zinatoa lita moja. Loweka usiku kucha, mwaga maji, fikicha maganda. Saga kwa maji ya moto sana. Ya baridi ndiyo yanaleta ile harufu ya maharage mabichi ambayo watoto huikataa. Chuja kwa kitambaa, kamua sana.

Hapo kwenye kuchemsha ndipo wengi wanakosea. Povu linapanda mapema, mtu anadhani yamechemka anaepua. Bado kabisa. Punguza moto, koroga mpaka povu lishuke, ndipo uyaache yatokote kweli dakika 20. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na dawa yake ni moto tu. Ukiona mtoto analalamika tumbo au anatapika baada ya kunywa, angalia hapo kwanza. Mwisho ongeza maji yaliyochemshwa kurudisha lita.

Gramu 125 za soya zina protini kama 45, robo hivi inabaki kwenye machicha, kwa hiyo unapata 33 kwa lita. Hiyo ni sawa na ng'ombe. Wanaouza mtaani wengine wanatoa lita tatu kwa kipimo kile kile, hapo umenunua maji meupe. Yaliyo mazito yakipoa hutanda utando juu kama maziwa, mepesi hayatandi.

Lishe Kwanza
Hesabu safi. Ila kalsiamu yake haizidi miligramu 25 kwa mililita 100, yaani vikombe viwili havifiki 100. Na Mama Nuru, wapo watoto wenye aleji ya ng'ombe ambao soya nayo inawakataa. Muulize daktari wake kwanza, kisha anza na vijiko viwili, umwangalie.

Chui Milia
Nimeelewa la protini. Sasa kwa kalsiamu si asage maganda ya mayai achanganye humo? Ni kalsiamu tupu.

Jiko la Soya
Ni kweli ni kalsiamu, lakini yanazama yote chini. Hata za boksi huzama: tikisa vizuri kila unapomimina, la sivyo utakuta tope jeupe limebaki chini siku ya kutupa boksi, na hiyo ndiyo kalsiamu uliyoilipia. Chumvi za kalsiamu zinazoyeyuka nazo zinagandisha soya, ndivyo tofu inavyotengenezwa.

Lishe Kwanza
Na kijiko kimoja cha chai cha maganda kinaweza kuzidi miligramu 1,500. Hiyo ni dozi, na inapimwa kliniki. Dagaa wakavu ni rahisi zaidi: chambua vichwa, kaanga bila mafuta, saga na mifupa yake. Gramu 10 kwenye mboga yake zinaweza kumpa 200 na kuzidi, pamoja na protini. Uji wa ulezi unaongeza, gramu 30 za unga zina kama 100.

Bi Mwanaidi
Kwenye ulezi mimi nasita. Si kuna fitati inayoshika ile kalsiamu?

Lishe Kwanza
Ipo. Kuuotesha ulezi kabla ya kusaga kunapunguza, ila siwezi kukuambia zinabaki ngapi kwa mtoto huyu. Ndiyo maana ningeanza na dagaa. Hata lengo lenyewe halifanani: Marekani wanasema 700 kwa siku kwa umri wake, Ulaya 450.

Mama Nuru
Basi kesho nampigia daktari kuhusu soya, na dagaa naanza leo. Nikimwekea oti ya boksi yenye kalsiamu kwenye uji, ile ya kunywa ikawa soya ya nyumbani, naharibu?

Lishe Kwanza
Huharibu. Chagua isiyoongezwa sukari, na uitie uji ukishaiva, baada ya kutikisa boksi.