Tumechoka kuandikishwa "kijiko kimoja" kwa biringanya, bamia na vitunguu

Umi_Langoni ameandika:

Waungwana, ninafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Katika kundi letu la kupunguza uzani hapa Lamu, mshauri tunayemlipa kila mwezi ametuamuru tuandike kijiko kimoja cha mafuta kwa kila mboga iliyokaangwa, iwe biringanya, bamia au vitunguu maji. Programu ya simu aliyotuchagulia nayo ina mstari mmoja wa "biringanya ya kukaanga" usioeleza ilikaangwa kwa mafuta kiasi gani. Kisha mtu asipopungua huambiwa mbele ya wenzake kwamba anakula kwa kujificha. Huo ni uonevu, kwa sababu chanzo cha hesabu mbaya ni hicho kijiko chenyewe.

Nimepima, na ninaeleza nilivyopima ili anayetaka kunipinga apinge kwa mizani. Nilikiweka kikaango kitupu juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha sifuri, nikamimina gramu 110 za mafuta. Biringanya zilizokwisha kumenywa na kukatwa vipande vya unene wa kidole zilikuwa gramu 400. Nilizikaanga kwa mikupuo, na nilipomaliza nikaacha kikaango kipoe kabla ya kukirudisha kwenye mizani. Yalibaki mafuta ya gramu 38, maana yake gramu 72 ziliondoka. Kila gramu ya mafuta ina takriban kalori 9, kwa hiyo mafuta pekee yalikuwa kama kalori 648, ilhali biringanya yenyewe ikiwa mbichi haikuzidi kalori 100 kwa kiasi hicho. Kijiko kikubwa cha mshauri wetu ni kama gramu 14, yaani kalori 126 hivi. Zile kalori 500 na zaidi zinazobaki ziandikwe wapi?

Mtu mmoja kundini alinijibu kwamba vipande vyangu vilitoka vyepesi kuliko vilivyoingia, kwa hiyo haviwezi kuwa vimenyonya mafuta. Ni kweli vilitoka na gramu 290. Lakini ukijumlisha gramu 400 za mboga na gramu 72 za mafuta unapata 472, na upungufu wa gramu 182 ni maji yaliyoondoka kwa mvuke. Kupima mboga peke yake kabla na baada hakuwezi kukuonyesha mafuta, kwa kuwa maji yanatoka wakati mafuta yanaingia.

Bamia na vitunguu havina ugumu huu, na ndiyo maana kuviweka kapu moja na biringanya kunanikera zaidi. Ukikaanga vitunguu vya mchuzi kwa gramu 30 za mafuta na mchuzi wote ukaliwa, andika gramu 30 zote, kwani hakuna kilichobaki cha kutoa. Bamia nilizozikata vipande na kuzigeuza kwa gramu 20 ziliacha kikaango kikimeta tu, kwa hiyo nimeandika 20. Swali la mafuta yaliyobaki linakuja pale tu ambapo yanaonekana yamebaki.

Kijana_wa_Shela ameandika:

Umi, shikamoo. Mbona tatizo ni dogo? Nyunyizia biringanya chumvi, uiache itoe maji, kisha ukaange katika mafuta yaliyopata moto vizuri. Haitanyonya kitu, na hicho kijiko kimoja kitatosha.

Mpishi_Mstaafu ameandika:

Mwanangu wa Shela, umepata nusu. Mimi nimefanya kazi katika jiko la hoteli kwa miaka mingi, na huko mafuta yalipimwa kwa sababu ya gharama. Nyama ya biringanya mbichi imejaa vijitundu vya hewa kama sifongo. Chumvi, au kuichemsha kwa mvuke kwanza, huivunja ile nyama ikajibana, na ikikamuliwa na kukaushwa kweli hupunguza mafuta yanayoingia. Lakini kupunguza si kuondoa, na ni mizani pekee itakayokwambia umepunguza kwa kiasi gani.

Moto nao usiutegemee peke yake. Chakula kinapokuwa ndani ya mafuta, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyazuia. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kukitoa, pale mvuke uliomo unapopoa na kuyavuta ndani yale yaliyoshika juu ya kipande. Kwa hiyo chuja papo hapo kikiwa moto, usirundike vipande sahanini.

Bibi Umi, njia yako ni sahihi, nina nyongeza mbili. Kwanza, mafuta yakibaki yakitoa sauti ya kuchatachata ujue bado yana maji ya mboga. Yaache motoni mpaka yatulie, ndipo uyapoze na kuyapima, la sivyo utadhani yamebaki mengi kuliko yalivyo. Pili, katika programu chagua biringanya mbichi kwa gramu 400, kisha mafuta kwa mstari wake. Ukichagua "ya kukaanga" halafu ukaongeza mafuta, umeyahesabu mara mbili.

Baba_Mkomani ameandika:

Mimi nina sukari, na daktari ameniambia nipunguze mafuta. Je, nikitumia mafuta ya nazi badala ya alizeti, si hesabu yote hii inaanguka? Nyumbani tunakamua wenyewe.

Umi_Langoni ameandika:

Kaka, swali lako ni la aina ya mafuta, nami ninazungumzia kiasi. Gramu ya mafuta ya nazi ina karibu kalori zile zile. Kuhusu sukari yako, mrudie daktari wako.

Mpishi, nimekuelewa, nami nitayasubiri yatulie. Ila kuna jambo la karatasi ya kuchujia. Niliipima kabla na baada, ikaongezeka gramu 9. Je, nizitoe kwenye 72 na kuandika 63?

Mpishi_Mstaafu ameandika:

Karatasi hunywa na maji pia, kwa hiyo hizo 9 si mafuta matupu. Mimi ningeandika 72, kwa kuwa kosa la kuzidisha kidogo halimdhuru anayepunguza uzani. Mwingine atatoa 9, na sitamwita mwongo.

Kwa familia, mgao ni huu: uzani wa ulichopakuliwa, gawa kwa uzani wa chakula chote kilichopikwa, kisha zidisha kwa mafuta yote yaliyoingia. Katika gramu 290 zako, aliyekula 145 amekula mafuta ya gramu 36. Hata hapo ni makadirio, maana vipande vya mkupuo mmoja havilingani na vya mkupuo mwingine.

Kijana_wa_Shela ameandika:

Na vitunguu vya biriani je? Vile vinakaangwa vikaelea hadi vinakuwa vya kahawia, na mama huchukua yale mafuta akayamwagia wali.

Umi_Langoni ameandika:

Sasa umeuliza la maana. Vitunguu vile haviandikwi peke yake: mafuta yote yaliyoingia sufuriani, toa yaliyorudi chupani, yaandikwe kwa biriani nzima. Ila aliyepakuliwa sehemu ya juu yenye vitunguu vingi na aliyepakuliwa wali wa chini hawakuli mafuta sawa, na kwa hilo sijapata njia ya kupima isipokuwa kuchanganya sufuria nzima kabla ya kupakua, jambo ambalo hakuna mama wa Lamu atakayelikubali. Wakati huo huo ninataka mshauri wetu afute agizo lake la kijiko kimoja, na awaombe radhi hadharani wale aliowaita waongo.