Tupeane uzoefu: Ramani kutoka kwenye PDF ikiwa na skeli, unene wa mistari na karatasi sahihi

Mchoraji_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu, nanyi mtaongezea.

Nilichora nyumba ya vyumba vitatu kwenye AutoCAD, mchoro wote kwa milimita. Ukuta wa mbele ni mita 12. Karatasi A1, skeli 1:100, dirisha la mchoro nikalifunga kabisa lisisogee. Nikatoa PDF, nikaprinti, nikapeleka. Siku ya tatu nikaitwa. Mhandisi kaweka rula ya skeli juu ya ule ukuta, inasoma mita 11.3, wakati namba niliyoandika pembeni ni 12000. Akaniuliza kwa upole tu, "Kijana, tujenge ipi?" Ramani ikarudi.

Nyumbani nikapima kwa rula ya kawaida. Ukuta ulitakiwa uwe milimita 120 kwenye karatasi, ulikuwa 113. Nilihangaika usiku ule nikidhani skeli ya dirisha imeharibika, kumbe ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye kuprinti. Fremu yangu nilikuwa nimeichora 841 kwa 594, sawasawa na karatasi, halafu nikachagua `ISO A1 (841.00 x 594.00 MM)`. Hiyo karatasi ina kingo zisizochapika, kwa hiyo fremu ikawa inakatwa pembeni. Mimi kuona inakatwa, nikatia tiki `Fit to paper`. Ikaingia yote vizuri, ila kila kitu kimesinyaa kama asilimia sita, na kichwa cha ramani bado kinasema 1:100.

Sasa hivi nachagua `DWG To PDF.pc3`, karatasi `ISO full bleed A1 (841.00 x 594.00 MM)`, eneo `Layout`, skeli `1:1`. Skeli ya jengo inakaa kwenye dirisha, kwenye kuprinti ni moja kwa moja tu. Naomba na wengine mseme yaliyowakuta.

Bi_Skeli

Pole mdogo wangu, hiyo imetupata wengi. Nakuongezea moja: usiiache fremu ikae ukingoni kabisa hata kama PDF ni ya `full bleed`, kwa sababu ile mashine ya kuprinti nayo ina kingo zake. Mimi naacha milimita 20 kushoto pa kubania na 10 pande nyingine tatu, kama ISO 5457 inavyotaka. Hapo hakuna kitakachokatwa na hakuna atakayeshawishika kusinyaza.

Yangu ni ya mistari. Nilipokea faili kutoka ofisi nyingine, nikatoa PDF, ukuta na vigae vya bafuni vikatoka unene mmoja. Ukitazama karatasi huoni jengo, unaona utando. Ofisi ile walikuwa wanapanga unene kwa rangi, kwa faili lao la `.ctb`, nyekundu nyembamba, njano nene, na kadhalika. Lile faili halikuja pamoja na mchoro. Nikaweka `monochrome.ctb`, ambayo inageuza rangi kuwa nyeusi lakini unene inauchukua kwenye leya zenyewe, na leya zote zilikuwa `Default`, yaani 0.25. Nikawapigia, wakanitumia tena kwa `ETRANSMIT`, ikaja na `.ctb` yake, ukuta ukarudi 0.5 na vigae 0.13.

kibo_arch

Mimi nilishaacha kuhangaika na hayo. Tia tiki `Scale lineweights` tu, mistari inajipanga yenyewe.

Bi_Skeli

Hapana kaka, hapo umepata nusu. Ukiprinti `Layout` kwa 1:1 hiyo tiki haibadilishi chochote. Inafanya kazi pale unapotoa ile ile A1 kwenye A3 kwa 1:2, ndipo unene nao unagawanywa mara mbili. Leya zikiwa zote `Default`, hata ukitia tiki kumi hazitatofautiana.

kibo_arch

Nimekuelewa dada. Basi kumbe kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa natoa A3 za kukagulia, ndiyo maana mistari ilikuwa haigandani.

fundi_wa_Mbagala

Samahanini mafundi wa kompyuta. Mimi niko saiti, mteja ananitumia ramani kwa WhatsApp, naiprinti steshenari kwenye A4. Nikipima chumba kwa rula inakuja mita 2 na kidogo. Nizidishe kwa ngapi?

Mchoraji_Moro

Fundi, usizidishe. Hiyo karatasi haina skeli tena, jenga kwa namba zilizoandikwa. Namba isiposomeka, mwambie mteja akutumie PDF yenyewe, siyo picha. Na pale steshenari mwambie kijana achague `Actual size`, asichague `Fit`, na karatasi iwe ile iliyoandikwa kwenye ramani.

fundi_wa_Mbagala

Kijana wa steshenari anasema akichagua hiyo ramani inatoka kipande.

Mchoraji_Moro

Itatoka kipande kwa sababu ramani ni A1 na mashine yake ni A4. Tafuta wenye mashine kubwa, fundi wangu. Mimi sasa nachora mstari wa milimita 100 chini ya kila karatasi, nimeandika "mstari huu upimwe 100". Ukiweka rula ukapata 94, usipime kingine chochote kwenye karatasi hiyo.

ThikaRd

Mimi nachora kwa mita, si milimita, sababu survey hunijia kwa mita. Mara ya kwanza nilichagua 1:100 kwenye dirisha, nyumba ikapotea kabisa. Nilidhani nimeifuta. Kumbe mita 12 kwake ni uniti 12, ukigawa kwa 100 inakuwa 0.12 ya milimita, ni nukta tu. Mchoro wa mita ukitaka 1:100, kila mita iwe milimita 10, kwa hivyo naingia ndani ya dirisha naandika:

```
ZOOM
10XP
```

Kwa 1:50 ni `20XP`. Halafu funga dirisha mara moja, maana ukizungusha gurudumu la mausi ukiwa ndani, skeli imekwisha.

nuru_designs

Mimi PDF yangu ni safi ikiprintiwa, ila kwenye kompyuta ya mteja mistari yote inaonekana minene, hata ile ya 0.13. Nimebadilisha `.ctb` mara nne.

Bi_Skeli

Usiguse `.ctb`. Mteja anafungulia kwa Acrobat? Aende `Preferences`, `Page Display`, atoe tiki kwenye `Enhance thin lines`. Inanenepesha mistari myembamba kwenye skrini tu.

nuru_designs

Ilikuwa hiyo hiyo, asante sana dada. La pili: kuna fanicha niliidaunilodi mtandaoni, naiprinti kwa `monochrome.ctb` na bado makochi yanatoka kijani.

Bi_Skeli

Rangi yake itakuwa ya RGB. `.ctb` inazitambua zile rangi 255 za namba tu, za RGB inazipita. Jaribu `SETBYLAYER` ukubali iingie hadi kwenye bloku, na uhakikishe leya yenyewe ina rangi ya namba.

kibo_arch

Sasa na mimi niulize. A1 ya 1:100 ikipunguzwa hadi A3 inakuwa 1:200, hilo sawa. Ikiwa A2 tunaandika 1:150?

ThikaRd

Hapana, inatoka 1:141 na ushee, na hakuna rula ya hiyo. Mimi A2 natengeneza `Layout` yake upya.

Mchoraji_Moro

Mimi ningeacha 1:100 na kuongeza maneno "kwenye A1" pembeni yake, pamoja na skeli ya mchoro wa kupimia inayosinyaa na karatasi. Lakini kuna wakaguzi wanaikataa A2 ya namna hiyo. Dada Bi_Skeli, nyie mnaandikaje?