Kapilari au valvu ya upanuzi kwa chumba cha samaki?

MchuuziFeri: Salaam wanajukwaa. Chumba changu cha baridi karibu na soko la samaki la Feri kinahitaji mtambo mpya wiki hii. Fundi mmoja anataka kapilari, mwingine valvu ya upanuzi yenye balbu. Nichukue ipi?

BabaKompresa: Ndugu, hujataja ukubwa wa chumba, gesi wala kompresa. Mimi nakushauri kapilari, kwani ni kibomba chembamba kisicho na kinachosogea, hivyo hakuna cha kuharibika.

FundiMkongwe: Ni kweli hakuna kinachosogea, lakini huziba. Unyevu ukibaki ndani, huganda kwenye ncha inayoingia evaporeta, yaani koili ya kupozea chumba: chumba kinapoa vizuri, kisha baridi inakata. Ukipasha ncha hiyo kwa kitambaa cha maji moto, utasikia gesi ikifoka tena. Uchafu ukiziba, joto halisaidii.

Tena kapilari haijui mzigo wa joto ulioko ndani. Inapitisha gesi kulingana na urefu wake, wembamba wake na tofauti ya presha ya pande mbili. Mchuuzi, mlango unafunguliwa mara ngapi?

MchuuziFeri: Asubuhi hauna utulivu kabisa, kwa sababu samaki huingizwa wakiwa bado na joto. Usiku haufunguliwi. Chumba ni mita 2 kwa 3.

FundiMkongwe: Basi mzigo wako unapanda na kushuka sana, na hapo valvu inafaa zaidi. Balbu yake hupima joto la bomba linalorudi kwenye kompresa: mvuke ukirudi na joto kupita kiasi, valvu hufunguka zaidi, ukirudi wa baridi, hujibana.

Neema_Tabata: Shikamoo fundi. Friji langu la nyumbani nalo niliwekee valvu?

FundiMkongwe: Marahaba. Hapana, mzigo wa friji la nyumbani ni mdogo na haubadiliki sana. Kapilari inatosha.

Mbagala_Baridi: Valvu nayo ina maumivu yake. Kwenye bucha langu, fundi alibadilisha bomba, kisha akaifunga balbu kwa kamba ya plastiki juu ya rangi iliyokuwa inabanduka. Balbu ikawa inapima hewa ya joto badala ya bomba, valvu ikabaki wazi, na kwa siku kadhaa niliona barafu ikitambaa kwenye bomba hadi ikafunika tumbo la kompresa, nikidhani ni dalili ya baridi nzuri. Kumbe kioevu kilikuwa kinarudi. Siku ya nne kompresa iligonga kama chuma kwenye ndoo, ikanyamaza.

BabaKompresa: Hilo ni kosa la fundi, si la valvu.

Mbagala_Baridi: Kapilari haina balbu ya kukosea kuifunga.

FundiMkongwe: Balbu hufungwa kwa mkanda wa shaba kwenye bomba lililosuguliwa, kisha hufunikwa isipate hewa. Ikivuja gesi yake ya ndani, valvu hujifunga, na wengi huongeza gesi bure wakidhani imepungua. Ishike kiganjani: presha ya kurudi isipopanda, balbu imekufa.

Mchuuzi, jambo moja bado. Mtambo ukizimwa, kapilari husawazisha presha, ilhali valvu kwa kawaida huizuia, hivyo kompresa inahitaji nguvu kubwa ya kuwaka. Je, yako ina kapasita ya kuwashia?

MchuuziFeri: Nimeona kopo moja jeusi pembeni, ila lebo imefutika. Kesho nitapiga picha.

BabaKompresa: Na gesi je?