SWOT ya duka la mtaani linaloyumba: kushusha bei au kupunguza aina za bidhaa?

Mpwa_wa_Dukani
Wakuu, naombeni mawazo. Nasoma masomo ya biashara na nimepewa kazi ya kuchambua duka linaloyumba. Nimechagua duka la rejareja la shangazi yangu, kwa hiyo sitafuti alama tu. Mkataba wake wa pango unaisha mwezi ujao na ananiuliza afanye nini. Supamaketi imefunguliwa jirani na mauzo yamepungua.

SWOT yake nimeiandika hivi. Nguvu: anajulikana mtaani. Udhaifu: mauzo yameshuka. Fursa: kushusha bei. Tishio: supamaketi. Naona njia mbili: ashushe bei ya kila kitu kwa asilimia 10, au apunguze aina za bidhaa abaki na zinazotoka haraka. Ipi bora?

Bei_Poa
Shusha bei, usipoteze muda. Mteja anafuata bei. Ukiwa ghali kuliko jirani yako, hata akikupenda vipi atakupita.

Kalamu_Nyekundu
Mpwa, nimefundisha somo hili miaka mingi, na kosa lako ni lile ninalolikuta kila muhula. "Mauzo yameshuka" ni dalili, kama homa. Udhaifu ni kile kilichomo ndani ya duka kinachosababisha homa hiyo. Na "kushusha bei" si fursa, ni uamuzi. Jiulize: je, jambo hili lingekuwepo mtaani hata kama shangazi asingekuwa na duka? Kama ndiyo, ni la nje, na hapo ndipo fursa na tishio hukaa. Kama sivyo, ni nguvu au udhaifu.

Halafu hujatupa namba hata moja. Faida ghafi ni asilimia ngapi ya mauzo? Pango, umeme na mshahara vinakula kiasi gani kwa mwezi? Mali iliyolala dukani na stoo ina thamani gani? Anadai watu kiasi gani? Bila hayo, sisi tunapiga ramli.

Msafiri77
Samahani, hilo duka linauzwa? Natafuta fremu yenye wateja tayari.

Mpwa_wa_Dukani
Haliuzwi, ndugu. Mwalimu, nimekaa na shangazi usiku mzima na daftari zake. Hataki nitaje fedha, basi nachukua mauzo ya mwezi ya zamani kuwa 100. Sasa ni 75. Faida ghafi ni asilimia 20 ya mauzo. Gharama za duka ni 17 kila mwezi, auze sana au kidogo. Mali iliyopo, kwa bei ya kununulia, ni kama 180. Madeni kwa wateja ni 30.

Kalamu_Nyekundu
Ahsante, sasa tuna la kuzungumza. Zamani 100 zilimpa faida ghafi 20, akilipa 17 anabaki na 3. Leo 75 zinampa 15, na gharama bado ni 17. Kila mwezi anakula 2 kutoka kwenye mtaji. Ili asile mtaji anahitaji mauzo ya 85, yaani 10 zaidi ya leo. Pengo si kubwa.

Sasa jaribu kushusha bei. Kitu alichokuwa anauza 100 alikinunua 80, anabaki na 20. Akikiuza 90, anabaki na 10. Faida ya kila kitu imekatika nusu kwa punguzo la asilimia 10 tu. Ili apate zile 17 za gharama, lazima auze mzigo ambao kwa bei ya zamani ungekuwa 170, na leo anauza wa 75. Ni zaidi ya mara mbili, na mteja wa mtaa hawezi kutumia sabuni mara mbili kwa sababu imeshuka bei.

Bei_Poa
Lakini mwalimu, si lazima ashushe kila kitu. Achague bidhaa chache ambazo kila mtu anaijua bei yake, ashushe hizo tu. Mteja akiingia atanunua na vingine.

Kalamu_Nyekundu
Hapo una hoja, na hilo ni jambo tofauti na ulilosema mwanzo. Ila apime kama kweli wananunua vingine. Aweke alama kwenye daftari kwa wiki mbili.

Fundi_wa_Rafu
Mimi nilifanya hivyohivyo, na nataka msome hadi mwisho. Jirani yangu alikuwa duka kubwa, nikachagua bidhaa kumi na mbili nikazishusha chini yake. Wiki ya kwanza foleni ilifika mlangoni, nikadhani nimeshinda. Wiki ya tatu wao wakashuka chini yangu kwa bidhaa zilezile. Wananunua kwa wingi moja kwa moja kiwandani, mimi nanunua kwa muuzaji wa jumla, kwa hiyo bei yao ya rafuni ilikuwa chini ya bei yangu ya kununulia. Na waliokuwa wakija kwangu walinunua hizo kumi na mbili, kisha wakavuka barabara kumalizia mahitaji yao. Rafu zingine hazikuguswa. Mzigo nilikuwa nimechukua kwa mali kauli, siku ya kulipa ikafika fedha hazipo, muuzaji akanikatia. Nikakaa na rafu tupu mwezi mzima, na rafu tupu zinafukuza watu kuliko bei. Nilifunga. Shangazi asiingie kwenye vita ambavyo mwenzake ana risasi nyingi kuliko yeye.

Mama_Kaunta
Pole sana, kaka. Ila mbona wote mmepita kwenye madeni? Kukopesha ni nguvu. Supamaketi haimjui mteja wala haimkopeshi. Mimi wateja wangu wa mwisho wa mwezi ndio wanaonishikilia.

Fundi_wa_Rafu
Mama, 30 kwenye mauzo ya 75 ni mzigo. Hiyo ni fedha ambayo ingenunua bidhaa.

Kalamu_Nyekundu
Wote mnasema kweli, na ndiyo maana sipendi visanduku vinne vilivyotengana. Mwaka 1982 Heinz Weihrich alipendekeza tuvioanishe: nguvu hii inakutana na tishio gani, udhaifu huu unazuia fursa gani. Kumjua mteja ni nguvu. Kukopesha bila kikomo ni udhaifu. Mpwa, madeni hayo yana umri gani?

Na tazama mali. Mauzo ya 75 yana gharama ya ununuzi ya 60. Mali ya 180 ni ya miezi mitatu. Kwa duka lenye muuzaji wa jumla karibu, huo ni mtaji uliolala. Kwa hiyo njia ya pili, kupunguza aina, naiona ina uzito. Supamaketi inafungwa saa ngapi?

Mpwa_wa_Dukani
Jioni mapema, mwalimu. Shangazi naye hufunga saa hiyohiyo.

Mama_Kaunta
Basi mbona hilo hukuliandika tangu mwanzo! Watu wanatoka kazini usiku na wote wawili mmefunga. Huko ndiko kuna hizo 10 zenu.

Bei_Poa
Kufungua usiku kuna umeme na mlinzi. Hizo 17 zitapanda. Zikifika 18, anahitaji 90, si 85.

Kalamu_Nyekundu
Sahihi kabisa, na usiku nao auchunguze kwa majuma machache kabla ya kusaini pango la mwaka.

Mpwa_wa_Dukani
Nimemuuliza umri wa madeni. Kama nusu yana zaidi ya miezi minne, na wengi ni ndugu na majirani. Amesema hatawadai. Ameniuliza pia kama mwenye nyumba atakubali mkataba wa miezi mitatu badala ya mwaka. Kuna aliyewahi kuomba hivyo?

Fundi_wa_Rafu
Mimi nilikataliwa. Aanze kwa kuuliza kabla hajalipa chochote.