Kikaangio cha chuma cha kusubu kimejaa kutu na ukoko mweusi: nikirudisheje hali yake?

Mjukuu wa Chumbageni (mwenye uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Nimerithi kutoka kwa marehemu bibi yangu kikaangio kizito cha chuma cha kusubu, chenye upana wa sentimita 26 hivi, ambacho mpini wake ni chuma kile kile kilichomiminwa pamoja na chombo. Kimekaa stoo kwa miaka isiyopungua saba hapa Tanga, na unyevu wa huku mnaujua. Kwa nje kuanzia kitako hadi ukingoni kimefunikwa na ukoko mweusi mnene ulioganda kwa mafungu kama lami, na kwa ndani kuna mabaka ya kutu nyekundu ambayo ukiyapitisha kidole yanaacha unga.

Juzi nilikitia ndani ya beseni la siki tupu na kukiacha usiku kucha. Asubuhi kutu ya ndani ilikuwa imetoka na chuma kimekuwa cha kijivu, lakini ule ukoko wa nje haukutikisika hata kidogo. Nilikisuuza, nikakiegemeza ukutani kikauke, na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimegeuka rangi ya chungwa tena, ndani na nje. Nilipaka mafuta ya kupikia ya kutosha, nikakaanga yai, nalo likaganda lote nikalibandua kwa kijiko. Naomba kuelekezwa nilipokosea na nianzie wapi. Sina tanuri, nina jiko la gesi na la mkaa.

Mama Lishe wa Njiapanda

Pole mwanangu. Hivyo vyuma havina maneno mengi. Washa mkaa mwingi, kitumbukize humo kifudifudi mpaka kiwe chekundu, ukoko wote utaungua uwe majivu, kisha kitoe ukipoze na ukisugue kwa mchanga. Baada ya hapo mimina mafuta nusu kikombe, tia chumvi ya mawe na vitunguu viwili vilivyokatwa, kaanga mpaka vitunguu viwe vyeusi, mwaga. Chuma changu cha chapati nimekifanyia hivyo tangu nianze biashara na chapati haishiki.

Fundi Msubuji Mstaafu

Mama Lishe, shikamoo. Naomba niseme jambo kuhusu moto huo, kwa sababu nimefanya kazi ya kusubu vyuma kwa miaka mingi na nimeona vyombo vingi vikiharibika kwa njia hiyo. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini ni kikavu, hakina unyumbufu wa bati. Sehemu moja ikiwa nyekundu na nyingine bado haijapata moto, kitako hubenuka au ufa hupita katikati, na kikishabenuka hakinyooki. Hata kisipopasuka, chuma kilichofika wekundu hutoka na ngozi ya rangi ya nyekundu-kijivu ambayo mafuta hayaishiki vizuri. Chuma cha chapati cha Mama ni bapa na huenda ni cha bati nene, ndiyo maana kimestahimili.

Sasa nije kwako Mjukuu. Ulichanganya matatizo mawili ukayatibu kwa dawa moja. Kutu ni chuma kilicholika, na siki huiondoa. Ukoko ni mafuta ya miaka mingi yaliyoungua yakagandana, na siki haiuwezi kabisa; kinachotoa mafuta ya namna hiyo ni magadi makali, yaani ile kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni. Kwa hiyo ukoko hutangulia, kutu hufuata, kwa sababu chini ya ukoko kuna kutu nyingine ambayo bado hujaiona.

Chukua ndoo ya plastiki, usitumie kabisa chombo cha aluminiamu kwa kuwa kostiki hukila na kutoa hewa inayoshika moto. Tia maji baridi lita 10, kisha nyunyizia kostiki gramu 250 kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia. Fanya kazi hiyo nje, ukiwa na glavu ndefu za mpira na miwani, watoto wakiwa mbali, na ndoo iwe na kifuniko. Kikaangio kiwe kimesuuzwa siki yote kwanza. Kizamishe chote na ukiache siku mbili au tatu, kisha kitoe kwa glavu, ukisugue kwa stilwaya chini ya maji mengi. Palipobaki ukoko, kirudishe. Kostiki haili chuma hiki, hivyo hata kikikaa wiki hakuna hasara.

Ukoko ukiisha ndipo urudi kwenye siki, lakini safari hii nusu siki nusu maji, na dakika 30 tu kwa zamu. Kitoe, sugua, tazama, kirudishe kama pana haja. Ukiona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye chuma kilichokwisha kuwa kijivu, hapo siki imemaliza kutu na imeanza kula chombo chako. Usiku kucha ulikuwa mrefu mno.

Kijana wa Kisasa

Mimi pia yangu imeanza kubanduka ile rangi nyeusi ya ndani na mayai yanashika, ila ni nyepesi, nilinunua mwaka jana. Je, nami nitumie hiyo kostiki?

Fundi Msubuji Mstaafu

Hapana, ndugu yangu. Hicho ni cha aluminiamu kilichopakwa utando kiwandani, na kostiki itakitoboa. Utando wake ukishabanduka haurudishwi nyumbani. Anza kutafuta kingine.

Mvuvi Mstaarabu

Kabla hujaendelea, dada, uliza nyumbani kikaangio hicho kilifanya kazi gani. Huku pwani vyombo vizito vya namna hiyo vimetumika sana kuyeyushia risasi ya chubwi za nyavu na mishipi. Kama kiliwahi kutumika hivyo, usikipikie chakula hata ukisugue vipi, maana risasi haitoki yote wala haionekani kwa macho.

Mjukuu wa Chumbageni

Ahsante sana, hilo sikuliwazia kabisa. Nimemwuliza shangazi yangu aliyeishi na bibi tangu zamani, naye amesema kilikuwa cha kukaangia samaki na hakikutoka jikoni mwa bibi. Nimenunua kostiki na glavu. Swali langu ni juu ya kutu iliyorudi asubuhi ile: ningeizuiaje?

Fundi Msubuji Mstaafu

Uliacha kikauke chenyewe. Chuma kilicho uchi, kikiwa na maji juu yake, huanza kutoa kutu changa ndani ya dakika chache, sembuse hewa ya Tanga. Ukimaliza kusuuza, kifute papo hapo na ukiweke juu ya moto mdogo mpaka hakuna hata dalili ya mvuke, kisha kipake mafuta kikiwa bado na joto la kuvumilika mkononi.

Na hapo kwenye mafuta ndipo wengi wanapoharibu. Unachotaka si chuma chenye mafuta, bali ni mafuta yaliyogeuka kuwa ngozi ngumu, na hayo hugeuka yakiwa membamba sana na yakipata moto wa kuyafikisha kwenye moshi. Tumia mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai kinatosha chombo kizima, ndani, nje na mpini. Kisha chukua kitambaa kingine kikavu cha pamba uyafute yote kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya. Utadhani hakikubaki kitu. Kimebaki cha kutosha. Yakizidi, yatajikusanya matone na kuganda kama gundi, na ndiyo yaliyolishika yai lako. Nusu kikombe cha Mama Lishe ni kingi mno, ingawa chumvi yake ni nzuri ya kusugulia mradi isuuzwe yote.

Jiko la gesi linaweza, lakini hupasha kitako na kuacha kuta baridi, itakubidi ukigeuze geuze. Ukipata tanuri la jirani ni bora zaidi: nyuzijoto 230, kikiwa kimefudikizwa, saa moja, kisha uzime na ukiache kipoe humo humo. Rudia mara tatu au nne.

Mswahili wa Toronto

Mimi nilitumia mafuta ya kitani kwa sababu watu wengi wanayasifia kuwa hukauka magumu kuliko yote. Yalipendeza kweli, yaling'aa kama kioo, lakini baada ya miezi mitano yakaanza kubanduka vipande vipande ndani ya chakula. Nazi nayo nilijaribu, ikabaki laini tu.

Fundi Msubuji Mstaafu

Nazi sishangai, si mafuta ya kukauka. Juu ya kitani nimesikia sifa na lawama kwa kiasi sawa. Wapo wanaolaumu mafuta yenyewe na wapo wanaolaumu tabaka nene, nami sina la kuamua kati yao.

Mama Lishe wa Njiapanda

Marahaba fundi. Ila mimi bado nasema kisioshwe kwa sabuni kamwe.

Fundi Msubuji Mstaafu

Mama, ngozi ikishashika, tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo halidhuru. Sabuni za zamani za kienyeji zilizobaki na magadi makali ndani yake ndizo zilizokuwa zikiila. Kinachokiua chombo ni kulala kwenye karai la maji, na kupikiwa mchuzi wa nyanya au ukwaju wakati ngozi bado ni changa.

Mjukuu wa Chumbageni

Ndugu zangu, zimepita siku kumi na mbili nami naleta majibu. Kostiki ilichukua siku nne. Siku ya pili nilipokitoa ukoko wa kitakoni ulibanduka kwa kusukumwa na kidole gumba, lakini ule wa kwenye pembe ya mpini ulihitaji siku mbili zaidi. Chini yake palikuwa na kutu kweli kama fundi alivyosema. Siki nusu kwa nusu nilitumia zamu tatu za dakika 30. Kilipokuwa kijivu kitupu nilikigonga kwa kijiko kikalia kama kengele, nikajua hakina ufa.

Jirani yetu anayeoka mikate aliniazima tanuri. Mara ya kwanza kilitoka na rangi ya hudhurungi yenye mabaka, nikavunjika moyo. Mara ya tatu kikawa cheusi chote isipokuwa sehemu moja yenye vishimo vya kutu ya zamani. Yai la kwanza liliganda kwa sababu niliweka moto mkali tangu mwanzo. La pili nilikipasha taratibu dakika tano kwa moto mdogo, nikatia mafuta, nikasubiri yatetemeke, nikavunja yai na kuliacha bila kulichokoa mpaka kingo zilipokuwa nyeupe. Liliteleza, isipokuwa pale penye vishimo ambapo bado hushika kidogo. Je, vishimo hivyo nivipige msasa nianze upya, au niviache?

Fundi Msubuji Mstaafu

Viache kwanza. Kaangia samaki na chapati kwa mwezi mmoja, vitajaa vyenyewe kadiri ngozi inavyoongezeka. Vikiwa na kina cha kupitisha ukucha, huenda visijae vyote.

Mama Lishe wa Njiapanda

Mimi ningepiga msasa.