Cherehani na chaki: kati ya haya matatu, nishike lipi?

UziMweupe
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nilifundisha chekechea miaka sita, shule ikafungwa, nikarudia cherehani ya mamangu. Sasa nashona sare na madera hapa Kisauni, Mombasa. Mafundi tuko wanne kwenye baraza moja, na walimu wa tuisheni ndio usiseme, kila nyumba ya tatu. Nikitegemea kimoja tu sitoki. Nimefikiria kuviunganisha, nikapata njia tatu.

Ya kwanza ni darasa la ushonaji kwa wasichana waliomaliza Fomu 4. Ya pili ni vitabu vya kitambaa vya watoto wadogo: kurasa sita, mtoto afunge kifungo, avute zipu, ahesabu samaki, maneno yote ya Kiswahili. Ya tatu, ambayo mume wangu anaicheka, ni hesabu za cherehani. Watoto wa Gredi 4 mpaka 6 wapime, wakate, washone kibegi cha penseli. Ninachofundisha ni hesabu, kushona ni njia tu.

Kitabu kimoja nimeuza 1,500, vitambaa na zipu vikanila 350. Darasa la hesabu nimelifanya mara moja, watoto 6 kwa 300 kila mmoja, vifaa 360. Nyinyi mwaonaje?

KaptenWaFeri
Vitabu, dada, hakuna swali. Faida 1,150 kwa kitabu kimoja. Shona 20 kwa mwezi una 23,000 na hukusumbuliwa na mtoto wa mtu. Wapeleke Nyali huko, hata 2,500 watatoa.

Mswahili_Halisi
Kama watafuta pa kujifunzia kushona, vyuo vya ufundi viko vingi. Uliza kwanza kama cherehani ni za mguu au za stima, maana stima ikipotea mwakaa tu mwatazamana.

UziMweupe
Kaka, kushona najua. Hebu soma tena pale juu 😄

SayansiKimu_Mstaafu
Mwanangu, mimi nimefundisha sayansi kimu sekondari mpaka nikastaafu. Kabla sijasema neno, nijibu: kitabu kimoja kinakula saa ngapi, tangu kukata mpaka kukata uzi wa mwisho? Na lile darasa, usiniambie saa za kufundisha peke yake. Niambie na usiku uliotangulia.

UziMweupe
Kitabu ni siku mbili, kama saa 9, maana vifungo na macho ya samaki ni kwa mkono. Darasa lilikuwa saa 2 na nusu. Usiku wake nilikata vitambaa na kupanga sindano saa 3.

SayansiKimu_Mstaafu
Basi Kapteni amehesabu vitambaa akasahau mikono. 1,150 kwa saa 9 ni kama shilingi 128 kwa saa. Darasa lilibaki na 1,440, na ukijumlisha usiku wake ni saa 5 na nusu, yaani kama 260 kwa saa. Tena zile saa 3 za usiku zitapungua. Kata pateni moja ya katoni ngumu, uiweke, na wiki ijayo utakata vipande vyote kwa mkupuo. Kitabu cha ishirini kitakula karibu saa zilezile za kitabu cha tatu. Na vitabu 20 ni saa 180 kwa mwezi. Hayo madera atashona nani?

Lakini pesa si jambo pekee. Kila wazo nilipime hivi: ukiondoa ualimu, mteja atashtuka? La kwanza hatashtuka. Wasichana wanataka mtu anayejua kukata, na mafundi wanaofunza wako hapo barazani kwako. La pili atashtuka kidogo, maana wewe wajua mtoto wa miaka minne aanze na kifungo kikubwa kabla ya zipu. La tatu bila mwalimu ni watoto wanachezea sindano, na bila fundi ni tuisheni kama ya jirani.

Sasa niambie walifanya nini hasa, na walikosea wapi. Hapo ndipo nitajua kama una kitu.

MamaMahamri
Mimi nilifanya hivyohivyo! Najua kupika mahamri na najua kuendesha bodaboda, nikaanza kuwapelekea watu mahamri na mbaazi mlangoni alfajiri. Miezi mitatu tu, jirani zangu wawili wakafanya vilevile, na mmoja ana pikipiki mpya.

SayansiKimu_Mstaafu
Bi MamaMahamri, hongera kwa kuamka mapema, lakini hamri lako halikubadilika kwa sababu ya pikipiki. Kila mmoja wa jirani alikuwa na nusu tayari, akaazima nusu ya pili.

MamaMahamri
Hilo limeniuma lakini ni kweli. Ingawa wateja wangu wa zamani hawajanihama, mjue.

UziMweupe
Mwalimu, ilikuwa hivi. Niliwapa penseli mpya waipime, wakapata sentimita 19. Nikawaambia kibegi kiwe na nafasi ya sentimita 1 kila upande ili penseli isibanwe, kwa hiyo ndani kiwe 21. Wakachora kwenye karatasi, wakakata kitambaa cha 21, wakashona. Nilikuwa nasaidia mmoja kutunga uzi, sikuangalia. Walipomaliza, penseli haikuingia! Mshono ulikuwa umekula sentimita 1 huku na 1 huku, ndani ikabaki 19 kamili. Mmoja akalia. Niliona aibu, nikawashonea wote upya kwa cherehani, nikitumia 23, ndio nikapeleka nyumbani vibegi vizuri. Tangu hapo najiuliza kama nafaa.

SayansiKimu_Mstaafu
Mwanangu, pale mtoto alipolia ndipo somo lilipokuwa, nawe ukalifunika kwa cherehani.

Fundi huongeza mshono bila kufikiri, mkono wenyewe unajua. Ndiyo maana hakumbuki kuufundisha. Mtoto wa Gredi 5 naye anaweza kukuandikia 19 + 2 + 2 = 23 ubaoni, kisha kesho yake akate 21, kwa sababu ile 2 ya mwisho haioni. Mshono ukila kitambaa mbele ya macho yake, ataiona. Kwa hiyo fanya kusudi kile kilichokutokea kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza usiutaje mshono. Wape mabaki ya sare, wakate 21, washone, penseli igome. Waulize: sentimita 2 zimekwenda wapi? Nyamaza kabisa. Kuna atakayekifumua kibegi, akakuta ukingo umekunjika ndani. Hapo wape kitambaa cha pili, marekani safi, na wewe usiguse mkasi.

Mambo madogo matatu. Marekani iloweke na uianike kabla ya kukata, maana mpya hunywea ikifuliwa na hesabu yote inapotea mama akifua. Zipu iache, itakula somo lote. Weka mfuniko wa kukunja na kifungo kimoja. Na usiwaache wapige bandi pembeni, sindano ikipita mbele tu mshono unaacha matundu na ncha ya penseli itatokea. Wafundishe kurudi nyuma hatua moja kila mchomo.

Mtoto asiende na kibegi peke yake. Ile karatasi ya vipimo, pamoja na kosa lililokatwa kwa mstari, ikunje uitie ndani. Mzazi hawezi kuona hesabu kwenye kibegi, ataona ushonaji tu, na ushonaji hatalipia 300.

UziMweupe
Hata sikufikiria kuacha lile kosa. Nitajuaje kama wameelewa na hawakukariri 23?

SayansiKimu_Mstaafu
Wiki ya pili wape rula, waambie watengeneze mfuko wake bila msaada. Wengi watasoma 30 juu ya rula, waandike 34, na rula itaingia kwa kubanwa. Rula ya sentimita 30 yenyewe ni ndefu kuliko 30, ina vipande vya ziada kwenye ncha zote mbili. Anayeipima rula badala ya kuisoma, huyo ameelewa.

KaptenWaFeri
Haya nimekubali kuhusu saa. Lakini watoto 6 ni 6 tu, dada hawezi kuongeza. Kitabu waweza kuajiri msichana akakusaidia.

SayansiKimu_Mstaafu
Hapo una haki. Kwa mikasi na sindano mimi singezidisha watoto 8 kwa mtu mmoja. Hesabu sindano wakiingia, hesabu wakitoka, na isipotimia asitoke mtu.

UziMweupe
Vitabu navyo niseme ukweli. Mama mmoja alinirudishia, kifungo kilikuwa kimeng'oka na mtoto alikuwa nacho mdomoni. Wa mwaka mmoja na nusu. Alhamdulillahi hakukimeza. Sikulala.

SayansiKimu_Mstaafu
Chini ya miaka mitatu usitie kifungo hata kimoja, tia vishikizo vya kitambaa. Nyumbani mimi hutumia kile kibomba cha ndani cha karatasi ya choo: chochote kinachopita humo, kisiwe kwenye kitabu cha mtoto mdogo. Kwa wakubwa, kifungo kishonwe kupita kwenye kitambaa kigumu cha kola kwa nyuma, kisha ukining'inize na dumu la lita 5 lenye maji. Kikishuka, ni bora kishuke kwako.

Baraza_la_Tudor
Mmesahau sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Dada akifanya hili Agosti au Desemba atashtakiwa.

SayansiKimu_Mstaafu
Kukataza inakataza, na sisi walimu tulisomewa sana. Ila ile ilikuwa ni shule kuwarudisha wanafunzi darasani likizoni. Watoto sita kwenye baraza la fundi na sindano mkononi, sidhani.

Baraza_la_Tudor
Akiandika "hesabu" kwenye bango, nani atatofautisha? Aandike "ushonaji wa watoto".

UziMweupe
Nikiandika ushonaji, mzazi wa mvulana hatamleta. Katika wale sita, wanne walikuwa wavulana na waliletwa kwa sababu ya neno hesabu. Nitauliza kwenye ofisi ya elimu hapa kabla ya Agosti. Kwa sasa shule ziko wazi, naendelea na Jumamosi.

MamaMahamri
Jumamosi saa ngapi lakini? Asubuhi wangu wako madrasa mpaka adhuhuri.

UziMweupe
Nimeona, ndiyo maana siku ile nilipata sita na si kumi. Nitaweka saa 8 mchana, tumalize alasiri. Joto tu, na baraza letu linapigwa na jua upande huo.

KaptenWaFeri
Funga leso mbili kuukuu zikinge jua. Na vitabu usiache kabisa, shona kimoja kwa mwezi cha oda.

UziMweupe
Cha oda, ndiyo, na 2,500 yako hiyo. Mabaki ya sare ninayo gunia zima. Jumamosi hii nawaacha wakate 21, na mkono nitaukalia.